Jinsi ya kuipasua bei ya hisa vipande viwili: thamani bila ukuaji na thamani ya ukuaji

Maswali ni yale yale. Mmoja anauliza "kampuni inakua asilimia 6 kwa mwaka, kwa hiyo hisa yake ni nzuri eti?" Mwingine fomula ya Gordon anaijua, amepiga hesabu amepata 100, sasa anataka kujua kwenye hiyo 100 kiasi gani ni biashara iliyopo tayari na kiasi gani ni matumaini ya huko mbele. Na wa tatu, huyu hakosekani, ameambiwa ukuaji ni mzuri siku zote halafu hesabu yake inamtolea namba hasi na anadhani kakosea kubonyeza. Hapana, hujakosea, na tukifika hatua ya 7 utaona kwa nini.

Nadharia nakupa kidogo tu. Wazo kwamba hisa ina thamani ya magawio yake yote yajayo yakirudishwa kwenye pesa ya leo, John Burr Williams alishaliandika 1938. Myron Gordon na Eli Shapiro wakalileta 1956 kwa ile sura fupi tunayoitumia mpaka leo, ambapo gawio linakua kwa kasi moja bila kukoma. Kinachoitwa PVGO ni thamani ya leo ya fursa za ukuaji, yaani kile kipande cha bei kinachobaki ukishatoa thamani ya kampuni kama ingekaa palepale ilipo, isikue hata kidogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Namba nne na bei moja, basi.

- E1, faida kwa kila hisa unayoitarajia mwaka UJAO. Sio ya mwaka ulioisha.
- b, sehemu ya faida ambayo kampuni inaibakiza badala ya kuigawa. Ikigawa asilimia 60, b ni 0.40.
- ROE, faida inayopatikana juu ya mtaji wa wanahisa. Hapa tunaitaka ROE ya pesa MPYA inayowekezwa, sio ya vitabu vyote toka kampuni ianze. Hili nitalirudia.
- r, kiwango cha mapato ambacho wewe mwekezaji unakitaka kulingana na hatari ya hisa yenyewe.
- Bei ya sokoni ya hisa, hii tutaihitaji mwishoni tu.

Kikokotoo cha simu kinatosha, ila kwenye lahajedwali ni raha zaidi kwa sababu utabadilisha namba mara nyingi.

Hatua zenyewe

1. Panga namba zako. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, namba ni za kutunga, sarafu weka yoyote. E1 ni 10. r ni asilimia 12. Kampuni inabakiza asilimia 40 ya faida, na pesa inayobakizwa ikiwekezwa inaleta asilimia 15 kwa mwaka.

2. Tafuta gawio na ukuaji. Gawio la mwaka ujao, D1, ni faida ukitoa kilichobakizwa, 10 × 0.60 = 6. Ukuaji, tuuite g, ni kilichobakizwa mara ROE, 0.40 × 0.15 = 0.06, asilimia 6.

Hapa wengi wanateleza kwa kuchukua g kutoka sehemu nyingine kabisa, labda wameangalia faida ilivyopanda miaka mitatu iliyopita, wakaona asilimia 9, wakaibandika. Sasa kampuni inayobakiza asilimia 40 na kupata asilimia 15 haiwezi kukua asilimia 9 milele kwa pesa yake yenyewe, itatoa wapi? Labda ikope zaidi na zaidi au iuze hisa mpya, na fomula hii haina nafasi ya hayo. g, b na ROE zimefungwa pamoja, ukishika mbili ya tatu inajitokeza yenyewe.

3. Piga Gordon. Gawio la mwaka ujao gawanya kwa r ukitoa g:

```
P0 = D1 / (r - g)
P0 = 6 / (0.12 - 0.06) = 100
```

Hii ndio thamani nzima, ukuaji ukiwa ndani yake.

4. Tafuta thamani bila ukuaji. Sasa fikiria kampuni imeamua kuacha kupanuka, inatengeneza tu mashine zinazochakaa ili ibaki ilivyo, na faida yote 10 inawapa wenye hisa kila mwaka bila mwisho. Gawio ni 10, ukuaji ni sifuri:

```
E1 / r = 10 / 0.12 = 83.33
```

Angalia vizuri, hapa juu tumeweka FAIDA yote, sio gawio. Ukiweka 6 utapata 50, na hiyo sio thamani ya chochote, maana utakuwa umeiacha ile 4 inayobakizwa ielee hewani, haijagawiwa na haijawekezwa. Kama hakuna ukuaji hakuna sababu ya kubakiza, kwa hiyo yote inatoka.

5. Toa. 100 − 83.33 = 16.67. Hiyo ndio PVGO. Yaani katika hisa ya 100, kama 83 ni biashara iliyopo na kama 17 ni malipo ya mambo ambayo kampuni bado haijayafanya.

Kwa wa lahajedwali, iko hivi, na B9 ndio jibu:

```
B1: 10
B2: 0.12
B3: 0.40
B4: 0.15
B5: =B1*(1-B3)
B6: =B3*B4
B7: =B5/(B2-B6)
B8: =B1/B2
B9: =B7-B8
```

B1 ni E1, B2 ni r, B3 ni b, B4 ni ROE. Zilizobaki zinajipiga zenyewe.

6. Hakiki kwa njia ya pili. Usiiruke hii hata kama jibu umeshalipata, kwa sababu ndio inayokuonyesha ile 16.67 imetoka wapi hasa, na ukiielewa hapa hutahitaji kukariri kitu tena.

Mwaka wa kwanza kampuni inabakiza 4. Inaiwekeza kwa asilimia 15, kwa hiyo kuanzia mwaka wa pili hiyo 4 inaleta 0.60 kila mwaka bila mwisho. Ukisimama mwisho wa mwaka wa kwanza, mkondo wa 0.60 milele kwa r ya asilimia 12 una thamani ya 0.60 / 0.12 = 5. Umeweka 4 umepata kitu cha 5, umebaki na 1 safi. Mwaka wa pili faida imekua asilimia 6, kwa hiyo inabakizwa 4.24, na faida safi ya uwekezaji huo ni 1.06. Wa tatu tena, wa nne tena, kila mwaka fungu kubwa kidogo kuliko lililopita. Ni mkondo unaoanza na 1 na kukua asilimia 6, na mkondo wa hivyo tunajua kuupiga, ni Gordon yule yule:

```
PVGO = 1 / (0.12 - 0.06) = 16.67
```

Imegonga palepale. Zikitofautiana kwako, usisonge mbele, kuna namba umeichanganya huko juu.

Ona pia kwamba kinachozaa thamani sio ile 4 iliyowekezwa, ni ile 1. Nne umezitoa mfukoni mwa mwenye hisa, angeweza kuzila. Kilichoongezeka ni tofauti kati ya ulichoweka na ulichopata.

7. Badilisha ROE uone maajabu. Kwangu hapa ndio moyo wa mambo, na ndio sehemu inayorukwa zaidi. Acha kila kitu kama kilivyo, E1 ni 10, b ni 0.40, r ni asilimia 12. Badilisha ROE peke yake.

Weka ROE asilimia 12, sawa kabisa na r. Ukuaji unakuwa 0.40 × 0.12 = asilimia 4.8. Bei ni 6 / (0.12 − 0.048) = 83.33. Thamani bila ukuaji bado ni 83.33. PVGO sifuri! Kampuni inakua karibu asilimia 5 kila mwaka, faida inapanda, gawio linapanda, taarifa za mwaka zinapendeza, na mwenye hisa hajaongezewa hata senti. Sababu umeiona hatua ya 6: inawekeza 4, inapata kitu chenye thamani ya 4. Umehamisha pesa kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Sasa weka ROE asilimia 8. Ukuaji ni asilimia 3.2. Bei ni 6 / (0.12 − 0.032) = 68.18. Toa 83.33 unapata −15.15. Huyu ndio yule jamaa wa juu anayedhani kikokotoo kimeharibika. Kampuni inakua na kila mwaka inaharibu thamani, kwa sababu inachukua 4 ambayo wewe ungeiweka kwingine kwenye hatari kama hiyo hiyo ukapata asilimia 12, inaenda kuipatia asilimia 8. Dawa ya kampuni ya hivi ni kuacha kupanuka na kugawa faida yote, na kwa kufanya hivyo tu hisa inapanda kutoka 68.18 kwenda 83.33. Ndio maana ukimwona mkurugenzi anajisifia "tumekua, tumekua" uliza kwanza kila shilingi mpya iliyoingia imerudisha ngapi.

Rudi kwenye ROE ya asilimia 15 halafu ipandishe b iwe 0.60. Gawio linashuka mpaka 4, ukuaji unafika asilimia 9, bei inakuwa 4 / 0.03 = 133.33. Gawio limepungua na hisa imepanda. Kubakiza pesa kuna maana pale tu ROE ya pesa mpya inapoizidi r, na hapo ndio umuhimu wa kutotumia ROE ya vitabu vyote. Kampuni inaweza kuwa na biashara ya zamani inayoleta asilimia 20 huku miradi yake mipya inaleta asilimia 9, wastani ukisomeka 18 hivi, na wewe ukichukua 18 utalipia ukuaji ambao kiukweli unakula thamani. Njia rahisi ya kukadiria ni kuangalia faida imeongezeka kiasi gani ndani ya miaka kadhaa, ugawanye kwa faida iliyobakizwa katika miaka hiyo. Sio kipimo kamili, mwaka mmoja mbaya unakivuruga, lakini kinakaribia ukweli kuliko ROE ya jumla.

8. Leta bei ya sokoni, rudi kinyumenyume. Tuseme hisa yetu inauzwa 140. Thamani bila ukuaji ilikuwa 83.33, kwa hiyo soko linalipia ukuaji 56.67, kama asilimia 40 ya bei. Je ni nyingi? Usibishane na hisia zako, geuza fomula:

```
g = r - D1 / P0
g = 0.12 - 6 / 140 = 0.0771
```

Soko linadai ukuaji wa asilimia 7.7 milele. Gawanya kwa b, 0.0771 / 0.40, unapata ROE ya karibu asilimia 19.3 kwenye kila pesa mpya, milele. Sasa swali limekuwa la kibiashara na unaweza kulijibu: kampuni hii ina kitu gani kitakachowazuia washindani wasije kuipunguza hiyo 19? Kama kipo, sawa. Kama hujui, unalipa 40 juu ya thamani ya mfano wetu kwa kitu usichokijua. Mimi binafsi kipande hiki ndio nakitumia zaidi, zile bei za kukokotoa siziamini sana, lakini kujua muuzaji ananiuzia ahadi ya ukubwa gani, hiyo inasaidia kweli.

Makosa yanayojirudia

La kwanza nimelifanya mwenyewe, na lilinigharimu. Nilichukua faida ya mwaka ulioisha kwa ile thamani bila ukuaji, halafu gawio la mwaka ujao kwa bei. Kwenye mfano wetu faida ya mwaka ulioisha ingekuwa 10 / 1.06, yaani 9.43. Ukiigawanya kwa 0.12 unapata 78.62, na PVGO inaonekana 21.38 badala ya 16.67. Ukuaji umevimba kwa zaidi ya robo na kampuni haijafanya lolote, ni mimi tu nimechanganya miaka. E1 na D1 zote ziwe za mwaka ujao.

La pili ni r. Watu wanachukua bei kugawanya kwa faida, wanapata 100 / 10 = 10, wanaigeuza inakuwa asilimia 10 na kusema hayo ndio mapato wanayotaka wawekezaji. Sio. r yetu ni 12. Hiyo 10 ingekuwa sawa na r kama PVGO ingekuwa sifuri tu. Kukiwa na ukuaji wa thamani, faida ikigawanywa kwa bei inasomeka chini ya r, na PVGO ikiwa hasi inasomeka juu yake.

La tatu, mfumuko wa bei. Kama r yako ina mfumuko ndani, na mara nyingi unao, basi "bila ukuaji" maana yake faida inabaki 10 kwa tarakimu huku uwezo wake wa kununua unapungua kila mwaka. Kampuni inayoweza kupandisha bei zake kufuata mfumuko bila kuwekeza zaidi itaonekana ina PVGO wakati haijapanua kitu. Katika sarafu yenye mfumuko mkubwa hili sio dogo, kwa hiyo usitafsiri PVGO yote kama ni viwanda vipya na matawi mapya.

Mambo yakigoma

*Bei imetoka hasi au kubwa isiyo na maana.* g imefika au imeipita r. Kwenye mfano wetu weka b iwe 0.80, ukuaji unakuwa asilimia 12, chini ya mstari panabaki sifuri na lahajedwali inakuandikia `#DIV/0!`. Usitafute ujanja wa kuizunguka. Hakuna kampuni inayokua milele kwa kasi kuliko uchumi wote inaofanyia kazi, ingeishia kuumeza. Kama kwa sasa inakua kwa kasi kubwa, piga magawio ya miaka hiyo mmoja mmoja, halafu Gordon uitumie kuanzia pale kasi itakapotulia.

*Kampuni haitoi gawio.* Hatua ya 3 haitafanya kazi, lakini ya 4 na ya 8 bado zina msaada: piga E1 / r, toa kwenye bei ya sokoni, utajua soko linalipia ukuaji kiasi gani. Ile ya kugeuza g tu ndio utaiacha.

*Faida ni hasi, au mwaka huu ni wa ajabu.* E1 / r ya faida hasi haina maana, achana nayo. Na kama biashara ni ya kupanda na kushuka, mwaka wa kilele utakupa thamani bila ukuaji kubwa mno na PVGO ndogo, hata hasi, mwaka wa bondeni kinyume chake. Tumia faida ya mwaka wa kawaida, wastani wa kupanda na kushuka kwote.

*Jibu linarukaruka nikigusa r kidogo.* Ndivyo lilivyo. Shusha r kutoka 12 mpaka 11 kwenye mfano wetu, bei inakuwa 120, thamani bila ukuaji 90.91, PVGO 29.09. Pointi moja tu, kipande kisicho na ukuaji kimepanda asilimia 9, cha ukuaji kimepanda karibu asilimia 75. Kipande cha ukuaji ndio cha kwanza kutikisika riba zikibadilika, kwa sababu pesa zake ziko mbali zaidi. Kwa hiyo usiandike jibu moja. Piga kwa r tatu, ya kwako, pointi moja juu na pointi moja chini, na PVGO ikibadilika ishara kati ya hizo tatu, kutoka chanya kwenda hasi, ujue bado hujui kama kampuni hiyo inajenga au inabomoa.